Naomba ushauri: eneo limepata 12 kati ya 19, bosi anataka tuongeze watoto

Wakuu, naombeni ushauri kuhusu LQAS, njia ya kupima maeneo kwa sampuli ndogo ili kujua lipi limefikia lengo na lipi limeanguka. Wilaya ina maeneo 5 ya usimamizi, kila moja tumechukua sampuli ya watoto 19, lengo la chanjo ni 80%, hivyo kanuni ya uamuzi ni 13, yaani eneo lenye watoto chini ya 13 waliokamilisha limeanguka. Waliokamilisha chanjo ni 16, 14, 12, 17 na 15. Eneo la tatu limeanguka kwa mtoto mmoja.

Bosi anataka watoto 5 zaidi pale "ili lifike". Napinga: 13 inafanya kazi kwa sampuli ya 19 tu, iliyopangwa kabla ya kwenda uwanjani. Ni kweli eneo lenye 80% halisi linaweza kuanguka kwa bahati mbaya, kama mara 7 katika 100, lakini kuwapa nafasi ya pili walioanguka pekee kunapotosha matokeo.

Pia anataka kuripoti "63%" ya eneo hilo, wakati 12/19 inaweza kumaanisha chochote kati ya takriban 38% na 84%. Asilimia naitoa kwa wilaya nzima tu: 74/95, karibu 78%, maeneo yakiwa na watoto wanaokaribiana kwa idadi.

Mnawaelezaje mabosi wa namna hii? Na je, mnarudia kukagua fomu na kadi za eneo lililoanguka tu, au za yote matano?