Tupeane uzoefu: wali unapofurika, na mwiko unaolazwa juu ya sufuria

BintiLangoni
Assalaam alaikum nduzangu. Huku Lamu harusi zimefuatana, na kila nyumba ina sufuria ya mchele wa biriani motoni. Naomba tukusanye uzoefu wetu: kwenu wali hufurika wakati gani hasa, na mwiko ukiulaza juu ya mdomo wa sufuria unasaidia kweli?

Naanza na wangu, wali wa kuchuja. Mchele kilo 1, maji lita 5, sufuria ya lita 8, chumvi imeshatiwa. Maji yakiwa peke yake yanachemka kwa fujo lakini hayapandi hata kidogo. Nikimimina mchele yanatulia, kisha yanaporudi kuchemka naona povu jeupe likianzia pembeni, linafunga juu kote, halafu linainuka lote kwa pamoja. Hapo ndipo naulaza mwiko. Nikiinama kutazama, naona viputo vinavyogusa mbao vinapasuka palepale, na chini ya mwiko panabaki kama mfereji, huku pande mbili povu bado liko juu. Moto nikiuacha mkubwa, povu linaupita mwiko na kumwagika. Nataka kujua sababu, maana shangazi yangu ananiambia tu "ndivyo tulivyokuta".

MamaWaShela
Wa alaikum salaam mwanangu. Mimi napikia seredani, na makaa hayana swichi ya kupunguza moto, kwa hiyo mwiko kwangu ni lazima. Kwa wali wa nazi naanza na tui la kupopolea, likichemka natia mchele, na kasimile naitia maji yakikaribia kukauka. Tui linapanda haraka kuliko maji matupu. Silifuniki kabisa wakati huo. Kifuniko nakiweka maji yakishakauka, ndipo napalia makaa juu. Ukifunika mapema, hata mwiko ukiwepo utaoga povu.

KijanaWaMaweni
Samahani wakubwa, niko Malindi, naishi peke yangu. Wali wangu haufuriki ila unatoka mashendea kila siku, na chini umeshika ukoko. Nikilaza mwiko utakauka?

BintiLangoni
Hapana kaka, mwiko haukaushi wali. Wako una maji mengi na moto mkali mwishoni. Anza na vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, na ukiona maji yameshuka usawa wa mchele, moto uwe mdogo kabisa. Tukimaliza hili tutafungua la mashendea.

PwaniPishi
Jibu ni rahisi. Mbao inakunywa mvuke, ndiyo maana povu linaisha. Na dawa ya kweli ni kuosha mchele. Povu lote linatokana na ule unga mweupe wa kwenye mchele. Ukiosha mpaka maji yatoke safi, huhitaji mwiko wala nini.

MwlSayansi_Mkomani
PwaniPishi, kwenye kuosha umepata nusu. Ule unga uliobaki baada ya kukoboa ni wanga, na ukiuosha povu la mwanzo linapungua, hilo kila mpishi ameliona. Lakini wanga mwingi zaidi uko ndani ya punje yenyewe. Joto likifika nyuzi 70 hivi, punje inakunywa maji, wanga wake unavimba, na sehemu yake inatoka na kuingia kwenye maji. Kwa hiyo hata mchele uliooshwa vizuri utayafanya maji yawe mazito kadiri unavyopikika. Angalia pia kama una chenga nyingi. Punje iliyovunjika imefunguka ubavuni, inaachia wanga upesi kuliko nzima.

Sasa kwa nini maji ya wali yapande na maji matupu yasipande? Yote mawili yanatoa viputo vya mvuke kutoka chini ya sufuria. Kwenye maji matupu, kiputo kikifika juu, utando wake unavujisha maji upesi, unakuwa mwembamba na kupasuka papo hapo. Kwenye maji ya wali utando ni mzito, maji hayauvuji haraka, na protini kidogo zinazotoka kwenye mchele zinakaa kwenye ngozi ya kiputo na kuishika. Basi kiputo cha kwanza hakijapasuka, cha pili kimefika, na cha tatu kinawasukuma wenzake juu.

Na hesabu yake inatisha kidogo. Maji ya kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, yakigeuka mvuke wote yanajaza zaidi ya lita 8. Ndiyo maana sufuria ya BintiLangoni inaonekana salama, ukigeuka kuchukua chumvi ukirudi jiko limelowa. Hakuna maji yaliyoongezeka humo. Ni mvuke uliofungiwa ndani ya utando usiotaka kupasuka.

MamaWaShela
Haya mwalimu, hapo nimekuelewa. Na tui je? Lina mafuta, na mimi nimezoea kutia kijiko cha mafuta kwenye wali wa kuchuja ili usifure. Mbona mafuta ya nazi hayafanyi kazi hiyo?

MwlSayansi_Mkomani
Swali zuri, Bi. Mafuta ya kupikia ukiyamimina yanatandaa juu ya maji, yanaingia kwenye utando wa kiputo na kuudhoofisha mpaka unapasuka. Mafuta ya tui bado hayajawa huru. Yako kwenye vitone vidogo sana, na kila kitone kimezungukwa na protini ya nazi, hayatandai. Isitoshe protini hiyo yenyewe inasaidia povu kusimama. Kwa hiyo kwenye wali wa nazi una wanga wa mchele na protini ya tui vikifanya kazi moja. Tui likikatika mafuta yanaachana na maji na kuelea, lakini hapo wali wako umeshaharibika ladha, si njia ya kuizuia sufuria.

PwaniPishi
Sawa, la kuosha nakubali. La mbao kunywa mvuke unasemaje?

MwlSayansi_Mkomani
Mbao inakunywa maji kidogo, kweli, lakini haiwezi kumaliza mvuke wa sufuria nzima. Mvuke unaotoka kwa dakika moja kwenye moto mkubwa ni mwingi kupita kiasi cha mwiko wowote. Kinachotokea ni pale kiputo kinapougusa mwiko. Mambo mawili yapo. La kwanza, mbao ni kavu, na utando wa kiputo ukigusa kitu kikavu unajitandaza juu yake na kuraruka. La pili, mwiko una baridi kuliko povu. Ndani ya kiputo ni mvuke wa nyuzi 100, na ukigusa kitu kilicho chini ya hapo unarudi kuwa maji, kiputo kinanywea na kuporomoka. Mbao haipitishi joto haraka, kwa hiyo sehemu ya katikati inakawia kufikia joto la mvuke.

Ndiyo maana BintiLangoni anaona mfereji chini ya mwiko huku pande zikiwa juu. Mwiko unapasua vile tu vinavyoufikia. Viputo vikizaliwa haraka kuliko vinavyopasuka, unapitwa.

BintiLangoni
Basi hilo linaeleza jambo nililoliona jikoni kwa shangazi. Mwiko ule ule aliokorogea, umelowa uji wa wali na umepata moto, akiulaza juu haufanyi lolote. Povu linauzunguka na kushuka nje. Akichukua mwingine mkavu kutoka ukutani, povu linashuka mara moja. Mimi nilidhani ni mti wake tofauti.

MwlSayansi_Mkomani
Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Mwiko uliolowa umepoteza yote mawili kwa mpigo. Ukikaa sana juu ya sufuria hata uliokuwa mkavu utalowa, ndiyo sababu msaada wake ni wa dakika zile chache za mwanzo, si wa upishi mzima.

FundiJiko_Malindi
Mimi natengeneza majiko ya gesi, na hili nalikuta sana. Wali ukifurika kwenye gesi, hasara si usafi peke yake. Maji yakishuka kwenye kichwa cha jiko yanaweza kuzima moto huku gesi inaendelea kutoka. Majiko mengi ya mezani ya bei nafuu hayana kifaa cha kujifunga moto ukizimika. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni. Ukikuta moto umezimika na unasikia harufu, funga kwanza swichi ya jiko na ya mtungi, fungua mlango na dirisha, usiwashe kiberiti wala taa.

Wanga ukikauka kwenye matundu unaziba. Dalili yake ni moto kuwa wa njano upande mmoja na sufuria kutoa masizi chini. Kichwa kikipoa, kivue, kioshe kwa maji ya moto na sabuni, zibua matundu kwa sindano, kikauke kabisa ndipo ukirudishe.

KijanaWaMaweni
Fundi, mimi moto wangu uligeuka rangi ya machungwa maji ya wali yalipomwagika, kisha ukarudi buluu wenyewe bila mimi kusafisha. Ni matundu hayo?

FundiJiko_Malindi
Hapana, hiyo ni chumvi ya kwenye maji. Inaungua ya njano au machungwa kisha inaisha. La matundu halirudi lenyewe, na masizi utayaona.

BintiLangoni
Leo nimepika kwa kufuata haya, naeleza mlione. Mchele kilo 1, nimeosha mpaka maji yakapungua weupe, nimeloweka nusu saa. Maji lita 5, chumvi, kijiko cha mezani cha mafuta. Yalipochemka nikamimina mchele, nikakoroga mara moja usishikane. Sikufunika. Povu lilipoanza kufunga pembeni nikapunguza gesi kabla halijainuka, maji yakaendelea kuchemka kwa viputo vidogo. Mwiko mkavu ulikuwa juu. Povu lilifika chini yake na kurudi, na sikuhitaji kulipuliza. Baada ya dakika sita punje ilikuwa imelainika nje na kiini kigumu kidogo, nikachuja. Kwa maoni yangu moto uliopunguzwa mapema ndio uliofanya kazi kubwa, mwiko ulikuwa mlinzi.

PwaniPishi
Na mimi nakubali moto. Lakini mwalimu, kati ya ukavu na ubaridi, kipi kikubwa? Maana kijiko cha chuma nacho kinaanza kikiwa kikavu na baridi.

MwlSayansi_Mkomani
Mimi naegemea ukavu, ila sidai kuwa nimethibitisha. Vyote viwili vinaisha pamoja mwiko ukikaa juu ya mvuke, ndiyo maana ni vigumu kuvitenganisha jikoni. Chuma kikavu kinapaswa kupasua viputo vya kwanza, kisha kupata moto upesi.

MamaWaShela
Nimekilaza cha chuma kwenye tui. Kwanza povu lilishuka, kweli, halafu likapita juu yake na mpini ukawa haushikiki. Upawa wa kifuu nao nimeujaribu, unabingirika na kudumbukia ndani. Mwiko mpana unakaa.