Mrejesho: Hisa za bonasi katika kampuni yetu ndogo

Swali langu lilikuwa: «Tukigawa hisa za bonasi bila kupokea fedha, tuandike nini vitabuni?»

Nawashukuru wote mlionijibu. Tulikuwa na hisa 10,000 za shilingi 1,000 kila moja, na faida iliyolimbikizwa ya shilingi 24,000,000. Baada ya kuhakikisha kuwa mtaji ulioidhinishwa katika katiba ya kampuni ulikuwa unatosha, wanahisa walipitisha azimio la kutoa hisa moja kwa kila hisa mbili, yaani hisa mpya 5,000. Mhasibu alidebiti faida iliyolimbikizwa shilingi 5,000,000 na kukrediti mtaji wa hisa kiasi hichohicho. Benki haikuguswa, wala taarifa ya mapato na matumizi. Jumla ya haki za wanahisa imebaki shilingi 34,000,000, na hapo ndipo pa kukagulia: ikiwa imebadilika, ingizo lina kosa; na ikiwa faida ya mwaka imeshuka kwa sababu ya ingizo hili, basi limepelekwa kwenye gharama kimakosa.

Mbia mpya aliyenunua hisa 2,000 kwa shilingi 1,800 kila moja alihitaji ingizo tofauti, kwa sababu yeye alileta fedha. Tulidebiti benki 3,600,000, tukakrediti mtaji wa hisa 2,000,000 na akaunti ya premiamu ya hisa 1,600,000, ambayo kwa maoni yangu haifai kamwe kuchanganywa na mauzo.

Rejesta ya wanachama imesahihishwa, na taarifa ya ugawaji imewasilishwa kwa msajili wa makampuni.