Ukubwa wa hatua: kuweka namba moja au kurudi nyuma kwa sharti la Armijo?

Mikorosho_Masasi
Wakuu, nakadiria mavuno ya mikorosho kwa umri wa miti, milimita za mvua na mara za kupuliza salfa. Nashusha hasara kwa gradienti. Hatua ya 0.1 inalipuka, nikiipunguza sana inatambaa. Kila nikiongeza safu naanza upya kusaka namba. Kurudi nyuma kunalipa?

Nahodha_Mikindani
Weka namba moja, ikate nusu kila baada ya mizunguko mia. Yatosha.

BiHesabu_Lindi
Hiyo inakata kwa kalenda bila kutazama hasara imefanya nini. Njia ya Armijo (1966) inajaribu kwanza ndipo ihame. Hapa f ni hasara, g gradienti, t ukubwa wa hatua, na c ni namba unayochagua kuamua hasara ishuke kiasi gani:

```python
t = 1.0
while f(x - t*g) > f(x) - c*t*(g @ g):
    t *= 0.5
x = x - t*g
```

Chukua f = 10x², uko x = 1. Hasara ni 10, gradienti 20. Kwa t = 1 unatua -19, hasara 3610: kataa. Endelea kukata nusu mpaka 0.0625, hapo unatua -0.25 na hasara ni 0.625. Unahama. Kila jaribio ni kukokotoa hasara tu, gradienti ni ileile.

Nahodha_Mikindani
Sawa, ila si ingetosha kuangalia kama hasara imeshuka?

BiHesabu_Lindi
Haitoshi, kaka. Kwa t = 0.0999 unatua -0.998, hasara 9.96. Imeshuka, lakini umevukia ng'ambo tu, na utavuka hivyo huku na huko muda mrefu. Ukiweka c = 0.3, sharti linadai hasara ishuke karibu 12, basi hatua hiyo inakataliwa. Wengi hutumia c = 0.0001, ambayo ingeipitisha; mimi napenda kali zaidi. Ila usivuke 0.5: kwenye bakuli kama hili hata 0.05, inayokufikisha sifuri moja kwa moja, ingekataliwa.

Majani_Kilwa
Mimi natambua ubwiri unga kwenye picha za majani, kwa mafungu madogo madogo. Kitanzi hakiishi, t inafika 1e-16!

BiHesabu_Lindi
Hakikisha pande zote mbili za sharti zinatumia fungu lilelile. Kama ni lilelile, nashuku gradienti. Ilinganishe na (f(x+h) - f(x-h))/(2h), kigezo kimoja kimoja. Ikiwa sahihi na uko karibu na chini kabisa, ni makosa ya kukadiria desimali, simamisha.

Majani_Kilwa
Alama ya kutoa ilikuwa imegeuka. Ahsante dada. Lakini kwa mafungu, hatua inayofaa fungu moja itafaa jingine?

BiHesabu_Lindi
Hakuna uhakika huo. Kwa picha zako nisingeitegemea peke yake. Wa Masasi, data yako ni ndogo, itumie yote kila mzunguko. Sawazisha safu kwanza, la sivyo milimita za mvua zitailazimisha t kuwa ndogo na umri wa miti hautasogea.

Mikorosho_Masasi
Nimesawazisha, inashuka vizuri. Nianze na t = 1 kila mzunguko?

Nahodha_Mikindani
Anza na iliyokubaliwa mara ya mwisho, uokoe majaribio.

BiHesabu_Lindi
Izidishe kwa 2 kwanza, isije ikabaki ndogo milele.