Tangazo la tenda likitoka na tarehe, kiasi au nambari isiyo sahihi: tupeane uzoefu

MhaririKaunti:
Habari zenu wakuu. Kazi yangu ni kusoma matangazo ya kaunti kabla hayajaenda gazetini, ila mengine hunipita yakaenda moja kwa moja. Nikiyakuta yametoka, nakuta siku na tarehe haziafikiani, au dhamana ya tenda imeongezwa sifuri. Walioshughulikia haya, mlirekebishaje tenda isianguke? Nataka yaliyowatokea, sheria yenyewe nimeisoma.

MzeeWaTenda:
Nina moja ya Machi 2025, kaunti siitaji. Tangazo lilitoka Jumanne tarehe 4. Mwisho wa kurudisha tenda likasema "Jumanne 24 Machi 2025, saa tano asubuhi". Fungua kalenda: 24 ilikuwa Jumatatu. Ndani ya kitabu cha tenda imeandikwa 25. Mzabuni mmoja akaandika barua kuuliza ashike ipi, na barua hiyo ikafika mezani Jumatano tarehe 19.

Kijana wa tovuti alitaka kuitoa ile PDF kimyakimya na kuweka nyingine yenye 25. Nikamkatalia. Wapo waliokwisha kupakua ya kwanza, na gazeti limeshasomwa. Atakayekosa tenda atazibeba zote mbili hadi Bodi ya Mapitio, na sheria inampa siku 14 za kufanya hivyo.

Kifungu cha 75 cha sheria yetu ya Kenya ya ununuzi wa umma ya 2015 kinaruhusu kutoa adenda, yaani waraka wa marekebisho, wakati wowote kabla tenda hazijafungwa, mradi usigeuze kiini cha tenda yenyewe. Lakini humo kuna hesabu ambayo wengi huiruka. Waombaji walipewa siku 21 za kujiandaa. Thuluthi yake ni siku 7. Kutoka tarehe 19 hadi 25 zilikuwa zimebaki 6. Ukishuka chini ya thuluthi, kusahihisha tu hakutoshi, inabidi usogeze na tarehe ya mwisho. Tukaipeleka Jumanne 1 Aprili.

Maneno ya adenda yalikuwa machache: "Panaposomeka *Jumanne 24 Machi 2025, saa tano asubuhi*, pasomeke *Jumanne 1 Aprili 2025, saa tano asubuhi*. Tenda zitafunguliwa mara tu baada ya muda huo, mahali palepale. Mengine yote yanabaki yalivyo." Hiyo sentensi ya kufungua usiiache. Nimeona adenda iliyosogeza mwisho wa kupokea ikasahau siku ya kufungua, kwa hiyo kwa karatasi tenda zilikuwa zifunguliwe wiki moja kabla ya kufungwa.

Kelvo_Mjengo:
Mzee, mbona mnasumbuka? Kwenye dhamana yenye sifuri ya ziada, maneno hushinda tarakimu. Kama imeandikwa 3,000,000 na pembeni "shilingi laki tatu", basi ni laki tatu. Hakuna haja ya adenda.

MzeeWaTenda:
Kanuni hiyo ipo, ila utaikuta kwenye maagizo ya kusoma bei za mzabuni. Tangazo lenu wenyewe haliponyi. Mwombaji aliyeona milioni tatu akaachana na tenda hatarudi kukuuliza ulimaanisha nini. Tena dhamana haipaswi kupita asilimia 2 ya thamani mliyoikadiria. Kama kazi mliikadiria milioni 15, asilimia 2 ni laki tatu kamili, kwa hiyo milioni tatu inakiuka sheria hata kama hakuna aliyelalamika. Adenda itoke.

Mkandarasi_Kisauni:
Mimi niko upande wa pili wa meza. Nyinyi mkisogeza tarehe mnaona mmetusaidia, lakini mimi tayari nimeshalipia dhamana benki.

Tenda ilisema bei isimame siku 120 tangu kufungua, na dhamana iendelee siku 30 baada ya hapo. Kwa tarehe za mzee hapo juu, kufungua 25 Machi, dhamana ingefika 22 Agosti 2025. Ukisogeza hadi 1 Aprili inatakiwa ifike 29 Agosti. Karatasi yangu ya benki inasema 22. Imepungua wiki moja, na kwenye uchunguzi wa mwanzo dhamana fupi ni nje, hata bei uwe nayo nzuri kuliko wote. Mimi niliwahi kuirudisha benki wakanitolea barua ya kuongeza muda. Jirani yangu hakurudi, alifikiri mwenye kosa ni ofisi, kwa hiyo yeye yuko salama. Alikatwa.

Ombi langu: adenda itaje tarehe ya mwisho ya dhamana, "hadi 29 Agosti 2025", badala ya kutuachia tuhesabu kila mtu kivyake.

MzeeWaTenda:
Hilo ni kweli, na kwenye ile adenda yetu tuliliongeza baada ya mzabuni kupiga simu. Lilihitaji adenda ya pili, ambayo ni aibu kidogo.

Dada_wa_Dodoma:
Huku kwetu Tanzania tenda zinapita NeST, mfumo wa mtandaoni wa serikali, kwa hiyo saa ikifika mfumo unafunga wenyewe, hakuna wa kumbembeleza. Shida tuliyoipata ni nakala ya tangazo iliyobandikwa ubaoni. Mfumo ulikuwa 10:00, yaani saa nne asubuhi. Aliyeandika ya ubaoni akaweka "saa 10:00" bila kutaja asubuhi wala jioni. Fundi mmoja akaenda kupakia nyaraka zake mchana akijua muda bado anao, akakuta pamefungwa. Aliandika malalamiko, akajibiwa kwamba muda halali ni wa mfumo. Mimi bado naona alionewa.

Kelvo_Mjengo:
Alionewa kabisa. Ubao ni wa ofisi hiyo hiyo.

Wanja_Supplies:
Samahani wakuu, na mimi nimekosea. Kwenye fomu ya tenda nimejaza bei ya kitu kimoja badala ya jumla na nimeshapeleka. Natoaje adenda?

MzeeWaTenda:
Dada, adenda ni ya ofisi, wewe hutoi. Kama muda haujafika, peleka barua ya kubadilisha au kuondoa tenda yako, nayo ifike kabla ya saa ya mwisho. Zikishafunguliwa, bei iliyosomwa ndiyo hiyo, haiguswi wala kusahihishwa.

MhaririKaunti:
Asanteni. Na nambari ya tenda je? Nina tangazo mkononi, gazetini ni 041/2024-2025, kitabu ni 014. Kuna waliokwisha kuchukua dhamana zenye 041.

Mkandarasi_Kisauni:
Benki huandika nambari uliyowapa, na hawakurudishii hela. Semeni kwenye adenda kwamba dhamana yenye 041 itakubaliwa kwa tenda hii. Adenda ni sehemu ya kitabu cha tenda, kwa hiyo wakaguzi wa kamati hawatakuwa na kisingizio.

MzeeWaTenda:
Kwanza angalia daftari kama 041 haikupewa tenda nyingine. Kama ipo, mimi singekubali dhamana yenye nambari hiyo, maana siku ya kuidai benki itasema ilidhamini kazi nyingine. Wote wapewe muda wabadilishe.

Mkandarasi_Kisauni:
Na gharama ya kubadilisha? Jina la kazi limeandikwa kwenye dhamana, benki itakataaje? Hapa mzee sikubaliani.

MhaririKaunti:
Nimeangalia. 041 ipo, ni ya kusambaza dawa za mifugo. Adenda inaandikwa sasa hivi, itatoka gazeti lile lile, itawekwa tenders.go.ke na ubaoni, na kila aliyechukua kitabu atapelekewa yake aisaini. Kuhusu dhamana, afisa mhasibu bado anasubiri neno la mwanasheria.