Namba za kurasa zianzie Sura ya Kwanza, nimekwama

Mtoa mada: Wakuu habari zenu. Nina ripoti ya kurasa 64 kwenye Word, zile 7 za mwanzo ni jalada, shukrani na yaliyomo, sasa nataka namba 1 ianzie ukurasa wa 8 penye Sura ya Kwanza. Nimeweka Page Break nikafuta namba za mbele, zikafutika zote mpaka mwisho, nikirudisha zinarudi mpaka kwenye jalada. Nisaidieni.

Kobe_Mzee: Rahisi hiyo, weka tiki kwenye Different First Page kazi imeisha.

FundiTaipu: Kobe hiyo inaficha namba ya ukurasa mmoja tu, yeye ana 7. Mkuu, Page Break inasukuma maandishi tu, faili linabaki kipande kimoja, ndo maana ukifuta huku kunafutika kote. Ifute, weka kishale mbele kabisa ya neno Sura, nenda Layout, Breaks, chagua Next Page. Halafu bofya mara mbili chini ya ukurasa wa 8 penye namba, zima Link to Previous. Hapa ndo wengi wanapotelea, wanafuta namba kabla ya kuzima. Ukiona maneno Same as Previous yametoweka pembeni ujue vipande vimeachana. Sasa ingia Page Number, Format Page Numbers, kwenye Start at andika 1, ndo upande juu ukafute za mbele.

Mama_Ripoti: Mi nikitaka safu mbili kichwa cha habari nacho kinagawanyika, ni hiyohiyo?

FundiTaipu: Dada, yako ni nyingine ila ndugu yake. Tumia Continuous badala ya Next Page, moja kabla ya safu na moja baada, halafu kishale kikiwa katikati ndo uchague Columns.

Mtoa mada: Fundi imekubali aisee! Ila kuna jedwali pana Sura ya Tatu, nimelikatia kipande chake ili ukurasa ulale, sasa namba zimeanza tena 1 hapohapo. Na yaliyomo bado inasema Sura ya Kwanza ipo 8.

FundiTaipu: Kipande kipya kimerithi ile Start at 1. Bofya hapo, Format Page Numbers, chagua Continue from previous section, na kipande kinachofuata jedwali hivyohivyo. Yaliyomo bofya kulia, Update Field. Na usije ukafuta mstari wa Section Break hovyo, maandishi ya juu yake yanachukua mpangilio wa kipande cha chini, namba na kurasa zilizolala vyote vinavurugika.

Kobe_Mzee: Sasa pambizo ya kushoto akitaka kuiongeza kwa ajili ya kujalidia?

FundiTaipu: Custom Margins, ila pale Apply to aweke Whole document, la sivyo inabadilika kipande kimoja tu.

Mama_Ripoti: Mi safu zimekubali ila ya kushoto imejaa ya kulia ina mistari mitatu, nani anajua?