2,140 imegeuka 100 nikiitazama kwa macho yangu!

Wakuu, nina hasira mpaka simu inatetemeka mkononi. Wale jamaa wa kasino ya mtandaoni mnawajua, sina haja ya kuwataja. Wamenipa spini 50 za bure, nikashinda 300. Zikaingia kwenye salio la bonasi badala ya salio la kutoa. Sawa, hilo nililijua. Sharti ni kuzungusha mara 40, yaani nibeti 12,000 kwanza, na dau lisizidi 5. Mizunguko 2,400 wakuu! Kidole gumba kimeota sugu kama kisigino. Nikamaliza, salio linasoma 2,140. Nikaita watu wa nyumbani waje washuhudie. Nikabonyeza kitufe cha kuhamisha. MIA MOJA. 2,140, halafu 100! Watu wa nyumbani bado wamesimama nyuma yangu, hakuna anayesema kitu.

Dau Dogo: Hahaha, uliita mashahidi wa msiba wako mwenyewe.

Kipanga: Kosa lako ni kuhamisha. Ukomo wa ushindi wa bonasi unakata pale unapotoa tu. Ungeziacha uendelee kucheza.

Mzee wa Sloti: Kipanga, kuna kampuni za hivyo, ila si zote. Nyingine hukata mapema kabisa, spini zikiisha tu, ushindi unaozidi ukomo hauingii hata kwenye bonasi. Kwa mleta uzi wamekata wakati bonasi inageuka pesa halisi, na kuziacha kule kusingemsaidia, maana bonasi ina siku ya kufa. Hilo huandikwa kwenye masharti ya ofa yenyewe, mbali na masharti ya jumla, kama kiwango cha juu cha kubadilisha. Na shukuru mkuu. Sloti ikila 4 katika kila 100, kwenye 12,000 inakula 480, na wewe ulianza na 300. Wengi hufika sifuri kabla hawajamaliza.

Mleta uzi: Nishukuru?! 2,140 mkuu! Niliiona!

Dau Dogo: Uliiona, hukuishika.

Mama Ruleti: Afadhali wewe ulifika. Mimi nilizungushia bonasi kwenye ruleti usiku kucha, asubuhi kipimo hakijasogea. Kumbe ruleti inahesabiwa 10 kwa 100. Nimebeti 1,000, wamenihesabia 100.

Kipanga: Ruleti kwangu walikataa kabisa, haihesabiwi hata moja.

Mgeni Njia: Samahani wakuu, hizo spini 50 zinapatikana wapi? Naomba kiungo.

Dau Dogo: Huyu hajasoma hata kichwa cha habari.

Mama Ruleti: Zangu za wiki jana zilikufa baada ya saa 24, nikiwa bado natafuta mchezo wenyewe. Zilifanya kazi kwenye sloti moja tu, na wameificha ukurasa wa mwisho.

Mgeni Njia: Mama, sloti gani hiyo?

Mleta uzi: 2,140 jamani.