Grafu limbikizi au ya kila hatua: ipi ionyeshe mteremko umekatikia wapi?

MpimaUsambara
Wakuu, naomba msaada wa kulinganisha grafu mbili. Tuna bomba la inklinomita la mita 24 kwenye mteremko juu ya barabara, huku Usambara. Tunateremsha humo kipimio cha mwinamo na kusoma kila nusu mita kutoka chini kwenda juu, masomo 48. Baada ya masika nimelinganisha na kipimo cha kwanza. Grafu ya mkengeuko limbikizi imelalia bondeni tangu chini kabisa na inafika mm 31 kwenye mdomo wa bomba. Mkubwa wangu anasema mlima unatembea wote hadi mita 24, kwa hiyo mabomba ya kutolea maji yashuke huko. Lakini grafu ya kila hatua iko kwenye mm 0.4 karibu kote, isipokuwa kati ya mita 11.5 na 10.5: hapo inachomoza, 4.4 halafu 8.4. Nifuate ipi?

Kokoto
Ya kila hatua. Uso wa mtelezo uko mita 11. Hiyo limbikizi itupe, inabeba makosa yote ya chini na kuyapandisha juu.

Mkaazi_wa_Funu
Mimi niko Funu, Bukavu. Kwetu ardhi inashuka polepole miaka na miaka, kuta zinapasuka, milango inagoma kufunga. Mbona mnajisumbua na shimo? Wekeni alama juu ya ardhi, mpime kwa GPS, mtaona inavyotembea.

MzeeWaMashimo
Ndugu wa Funu, pole sana. Alama za juu zinakupa mwendo, ila hazikuambii udongo umekatika kina gani, na hilo ndilo analouliza mwenzetu.

Mpima, tazama umbo la mstari wako. Mteremko unaoteleza juu ya uso mmoja huacha bomba la chini yake wima, halafu unalisukuma ghafla, na kutoka hapo kwenda juu mstari unasimama tena. Wako, ukiacha ule mruko wa mita 11, umelala kwa mwinamo uleule kutoka chini hadi juu. Zidisha 0.4 kwa 48: mm 19.2. Ardhi haigawi mwendo wake sawasawa namna hiyo. Kipimio ndicho kinachofanya hivyo, sifuri yake ikihama. Mlipima mara mbili, mkakigeuza upande wa pili?

MpimaUsambara
Kipimo cha kwanza ndiyo. Safari hii mvua ilianza, tukaishia upande mmoja.

MzeeWaMashimo
Basi jibu ndilo hilo. Ukikigeuza, mwinamo wa bomba hubadili alama lakini kosa la sifuri halibadili, ndiyo maana ukitoa somo moja kwenye lingine kosa linafutika. Upande mmoja unaliacha lote ndani. Na kabla ya kuanza, kiacheni kipimio chini ya bomba dakika kumi hivi kipate joto la humo.

Kwa sasa angalia kumbukumbu za uchimbaji. Mwamba mgumu unaanzia wapi?

MpimaUsambara
Mita 17.

MzeeWaMashimo
Chukua mita 24 hadi 18, hatua 12, ndani ya mwamba ambao tunauhesabu umetulia. Jumla yake ni mm 4.8, yaani 0.4 kila hatua. Toa 0.4 kwenye kila somo, ujumlishe upya. Utabaki na mstari wima hadi mita 11.5, unaruka mm 12 ndani ya mita moja, kisha unapanda wima. Kwa hiyo Kokoto kapatia kina, lakini usiitupe limbikizi: ndiyo iliyotuonyesha kwamba kipimio kimehama. Tena hiyo ya kila hatua nayo hudanganya. Bomba likiwa na kona kidogo tangu lilipowekwa, na alama ya kebo ikakaa sentimita chache juu au chini ya mahali pake, kona hiyo inachomoza kama mtelezo. Chora umbo la bomba la siku ya kwanza uone kama mita 11 pana kona. Mtelezo wa kweli utaongezeka palepale kila mkipima. Mchomozo wa kona huja na kupotea.

Kokoto
Sawa, lakini umeanza kwa kusema mwamba umetulia. Je, mwamba wenyewe ukiwa unainama? Hapo umefuta mwendo wa kweli.

MzeeWaMashimo
Hoja nzuri, na bomba lenyewe haliwezi kukujibu. Hapo ndipo njia ya Funu inaposaidia: pima mdomo wa bomba kwa totali stesheni kutoka sehemu isiyotembea. Umesogea 12 au 31? Tofauti ya mm 19 haijifichi.

MpimaUsambara
Mdomo hatukuupima mwanzoni. Tutaanza wiki hii, na bomba tutalipima pande mbili. Umbo la siku ya kwanza nimelichora: kuna kona ndogo kwenye mita 14, mita 11 pamenyooka. Mkubwa bado hajakubali kuacha mita 24.